Kulainisha ngazi za poligoni bila kupoteza hekta

Chukua ramani ya mikoko ya delta ya Rufiji, iliyoainishwa kutoka picha za Sentinel-2 zenye pikseli za mita 10. Kwa mbali inapendeza. Ukivuta karibu, kingo zote ni ngazi: mita kumi kwenda mashariki, mita kumi kwenda kusini, tena mashariki. Hakuna mkondo wa maji wala ukingo wa msitu wenye umbo hilo. Kwa hiyo watu wengi hugeuza rasta kuwa poligoni, hubonyeza zana ya kulainisha, kisha hupiga hesabu ya hekta na kuiweka kwenye ripoti.

Hatua ya kulainisha ndiyo inayohitaji macho. Ikifanywa vizuri, inabadilisha eneo kwa kiasi kidogo mno, na kiasi hicho unaweza kukijua kabla hujaanza. Ikifanywa ovyo, inaweza kumega sehemu ya sita ya kiraka kizima na usione kasoro yoyote kwenye skrini. Mwongozo huu unatumia QGIS na zana za GDAL, ambazo ni za bure, na mfano wetu ni rasta yenye aina tatu: 1 ni mikoko, 2 ni maji, 3 ni mashamba ya mpunga na matope.

Hatua ya 1: Hakikisha pikseli ni mita kweli

Fungua taarifa za rasta kwa `gdalinfo` uangalie mistari miwili, wa projeksheni na wa `Pixel Size`. Delta ya Rufiji iko kanda ya 37 kusini ya UTM, yaani `EPSG:32737`, na ukubwa wa pikseli unapaswa kusomeka 10 kwa 10. Ukikuta namba kama 0.0000898, rasta yako iko kwenye nyuzi za latitudo na longitudo, na eneo lolote utakalokokotoa moja kwa moja litakuwa nyuzi za mraba, kipimo kisichomfaa mtu. Ibadilishe kwanza:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 10 10 -r near aina.tif aina_utm.tif
```

Usibadilishe `-r near`. Njia nyingine za kukadiria, kama `bilinear`, huchanganya namba za aina: kati ya 1 na 3 zitakuzalia 2, na ghafla una kamba ya maji kati ya mikoko na mpunga mahali pasipo na tone.

Hapo hapo endesha zana ya `Raster layer unique values report`. Inahesabu pikseli za kila aina. Iandike pembeni hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo rejea yako mpaka mwisho wa kazi. Pikseli moja ni mita za mraba 100, na pikseli mia ni hekta moja.

Hatua ya 2: Chekecha viraka vidogo

Uainishaji wa pikseli moja moja huacha chembechembe kila mahali: pikseli mbili za "mpunga" katikati ya mikoko, tatu za "maji" kwenye kivuli. Ukizigeuza zote kuwa poligoni utapata maelfu ya viraka visivyo na maana, na kila kimoja kitaongeza kosa lake wakati wa kulainisha.

Kizingiti kisichaguliwe kwa jicho. Tafsiri ya msitu inayotumika Tanzania inaweka eneo la chini kuwa hekta 0.5. Kwa pikseli za mita 10, hiyo ni pikseli 50. Basi:

```
gdal_sieve.py -st 50 -4 aina_utm.tif aina_chekechwa.tif
```

Kila kiraka chenye pikseli pungufu ya 50 kitamezwa na jirani yake mkubwa zaidi, mradi jirani huyo ana pikseli 50 au zaidi. Alama `-4` inamaanisha pikseli huhesabiwa kuwa zimeungana zikigusana kwa ubavu tu, si kwa kona. Hapa kuna jambo la delta hasa. Mikono myembamba ya maji inayopita kwa mshazari mara nyingi huwa na upana wa pikseli moja, na pikseli hizo hugusana kwa kona peke yake. Kwa `-4` kila kipande kinahesabiwa peke yake, kinaonekana kidogo, kinachekechwa, na mkono mzima wa maji unageuka kuwa mikoko. Kama mikono hiyo ni muhimu kwa kazi yako, iweke pembeni kama tabaka la mistari kabla ya kuchekecha, kisha uirudishe mwishoni. Kuhamia `-8` huonekana kuwa njia ya mkato, lakini huleta poligoni zinazojigusa kwenye nukta moja, na hizo zitakusumbua katika hatua zote zinazofuata.

Endesha tena ile ripoti ya hesabu za pikseli, uweke matokeo kando ya yale ya kwanza. Tofauti kati ya safu hizo mbili ni eneo ambalo chekecheo limelihamisha kutoka aina moja kwenda nyingine. Katika ramani nyingi tofauti hii ni kubwa kuliko yote yatakayoletwa na kulainisha, na huwa haitajwi kabisa kwenye ripoti. Itaje.

Hatua ya 3: Geuza kuwa poligoni

```
gdal_polygonize.py aina_chekechwa.tif -f GPKG viraka.gpkg viraka aina
```

Amri hii inafuata kingo za pikseli zenyewe, kwa hiyo eneo la kila poligoni ni sawasawa na idadi ya pikseli zake mara 100. Baada yake pitisha tabaka kwenye `Fix geometries`, kisha `Multipart to singleparts`, ili kila kiraka kiwe umbo moja halali. Mwisho ongeza safu mbili kwa kikokotoo cha sehemu, moja ya eneo la asili na nyingine ya idadi ya matundu ndani ya kiraka:

```
eneo_asili = area($geometry)
matundu    = num_interior_rings($geometry)
```

Jumlisha `eneo_asili` kwa kila aina uilinganishe na ripoti ya pikseli ya baada ya kuchekecha. Lazima vilingane kabisa. Visipolingana, tatizo liko nyuma yako, katika projeksheni au katika ukarabati wa maumbo. Lishughulikie kabla hujasogea.

Hatua ya 4: Elewa kinachofanywa na zana ya kulainisha

Zana ya `Smooth` ya QGIS hufanya jambo moja tu: kukata kona. Kila kona hukatwa kwa mstari unaoanzia robo ya upande mmoja hadi robo ya upande wa pili. Kona moja ya mraba inazaa kona mbili butu. Ukirudia, hizo mbili zinazaa nne, na ukingo unazidi kuwa wa mviringo.

Kona inayotokeza nje ikikatwa, kiraka kinapoteza pembetatu ndogo. Kona inayoingia ndani ikikatwa, kiraka kinaongezewa pembetatu. Kwenye ngazi, kona za nje na za ndani hupokezana, kwa hiyo hasara ya hapa inafidiwa na faida ya pale. Je, zinafidiana zote? Karibu zote. Ukizunguka kiraka chochote chenye kona za mraba hadi urudi ulipoanzia, kona zinazotokeza nje huwa zimezidi zinazoingia ndani kwa nne kamili. Ni hivyo kwa mraba wa pikseli moja, na ni hivyo kwa msitu wenye kona elfu kumi.

Fidia hiyo, hata hivyo, inafanya kazi tu kama pande zote zina urefu sawa. Robo ya upande wa mita 10 ni mita 2.5, lakini robo ya upande wa mita 120 ni mita 30, na zana haijui kwamba upande huo mrefu ulitengenezwa na pikseli 12. Inaona kona mbili tu na mstari mrefu kati yake.

Tuchukue eneo lililofyekwa kwa ajili ya mpunga, ambalo kwenye rasta limetoka mstatili wa pikseli 12 kwa 8. Ni mita 120 kwa 80, sawa na mita za mraba 9,600. Ukililainisha moja kwa moja kwa marudio mawili, kila kona inapoteza mita za mraba 375. Kona nne ni 1,500. Shamba linabaki na 8,100, yaani limepungua kwa asilimia 15.6, na ukiendelea kurudia litaelekea kupungua kwa moja ya sita. Ukubwa haulisaidii: mstatili wa hekta mia moja nao ungepoteza asilimia ile ile. Wakati huohuo mikoko inayolizunguka inaongezeka kwa kiasi hicho hicho, na ramani inaonyesha uharibifu mdogo kuliko uliopo.

Hatua ya 5: Pandikiza nukta, kisha lainisha

Dawa ni kuipa zana habari inayoikosa. Kabla ya kulainisha, ongeza nukta kwenye kila upande kwa umbali wa pikseli moja:

```
qgis_process run native:densifygeometriesgivenaninterval -- \
  INPUT=viraka_safi.gpkg INTERVAL=10.001 OUTPUT=nukta.gpkg
qgis_process run native:smoothgeometry -- \
  INPUT=nukta.gpkg ITERATIONS=2 OFFSET=0.25 MAX_ANGLE=180 \
  OUTPUT=laini.gpkg
```

Kwenye menyu zana hizi zinaitwa `Densify by interval` na `Smooth`. Hapa `viraka_safi.gpkg` ni lile tabaka la hatua ya 3 baada ya kukarabatiwa. `INTERVAL` imezidi 10 kidogo makusudi: ikiwa 10 kamili, zana inaweza kuongeza nukta moja ya ziada kwenye kila upande.

Sasa kila upande ni mita 10, na kila kona hukatwa kwa kiasi kilekile: baada ya marudio mawili, mita za mraba 3.9. Nukta zilizo katikati ya mstari ulionyooka hazikati kitu, kwa kuwa hapo hakuna kona. Kona za nje na za ndani zinafutana moja kwa moja, zinabaki zile nne za ziada. Kwa hiyo kila mzunguko wa nje wa kiraka unapoteza mita za mraba 15.625, kiwe kiraka cha nusu hekta au cha hekta elfu. Shamba letu la mpunga linatoka 9,600 hadi 9,584.4. Tundu lililo ndani ya kiraka nalo linasinyaa kwa 15.625, na safari hii kiraka ndicho kinachonufaika.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba unaweza kukagua kazi yako poligoni kwa poligoni. Kwenye tabaka lililolainishwa kokotoa:

```
area($geometry) - (eneo_asili - 15.625 * (1 - matundu))
```

Jibu linapaswa kuwa sifuri, au tofauti ndogo sana ya ukadiriaji wa desimali. Panga jedwali kwa safu hiyo, uangalie poligoni za juu kabisa na za chini kabisa. Kiraka kikitofautiana kwa makumi ya mita za mraba, ama hakikupandikiziwa nukta vizuri, ama kipimo cha pikseli zako si 10 kamili, ama umbo limejikata lenyewe. Kwa marudio matatu tumia 16.406 badala ya 15.625. Kwa pikseli za Landsat za mita 30, upandikizaji uwe mita 30.001 na kosa kwa kila mzunguko ni mita za mraba 140.6.

Jumla yake pia inatabirika. Tuseme mikoko ina viraka 840 na ndani yake matundu 210. Hasara yote ni 630 mara 15.625, kama mita za mraba 9,844. Hiyo haifiki hekta moja. Kwa delta yenye maelfu ya hekta za mikoko, namba hiyo inaweza kukaa kwenye tanbihi bila kumshtua mtu. Lakini ona kwamba inategemea idadi ya viraka na si ukubwa wa msitu. Asiyechekecha, akabaki na viraka elfu hamsini vya pikseli moja au mbili, atapoteza hekta nyingi. Kiraka cha pikseli moja hupoteza asilimia 15.6 ya eneo lake hata ukipandikiza nukta.

Kuna gharama, na ni vizuri uijue. Mahali ukingo unapopanda taratibu, mita 50 mashariki kwa kila mita 10 kusini, nukta za mita 10 zitaacha ngazi zikionekana. Kona zitakuwa za mviringo, ila ngazi zenyewe zipo. Ukitaka mstari ulionyooka zaidi, panua umbali wa nukta hadi mita 30. Kona moja sasa inaweza kumega hadi mita za mraba 35, na ile hesabu kamili ya ukaguzi haitumiki tena, ila hasara kubwa za mistari mirefu umezizuia. Mimi hutumia 10 kwa tabaka la kukokotolea eneo na 30 kwa tabaka la kuchapisha, na hekta zinazoandikwa kwenye ramani iliyochapishwa hutoka kwenye lile la kwanza. Haijalishi kwamba mistari ya matabaka hayo mawili haifanani nukta kwa nukta. Ramani ya karatasi inasomwa kwa jicho, jedwali linasomwa kwa hesabu.

Jihadhari pia na mipaka ya eneo la utafiti. Rasta ikiwa imekatwa kwa fremu ya mstatili au kwa mpaka wa wilaya ya Kibiti, kingo hizo za kukatia nazo zitalainishwa kana kwamba ni kingo za mikoko, na kona za fremu zitapigwa mviringo. Ainisha na lainisha eneo lenye ziada ya mita mia chache kila upande, halafu kata kwa mpaka rasmi mwishoni kabisa kwa `Clip`. Ukaguzi wa fomula ufanye kabla ya kukata.

Hatua ya 6: Aina zikiwa zaidi ya mbili

`Smooth` hushughulikia kila poligoni peke yake bila kumjua jirani. Mikoko na maji zikipakana peke yao, mstari wao wa pamoja una nukta zilezile kwa pande zote mbili (mradi umepandikiza), na unakatwa sawasawa. Tatizo linatokea pale aina tatu zinapokutana. Mikoko ina ukingo ulionyooka, na upande wa pili maji na mpunga vinagawana ukingo huo. Mikoko haina kona pale, haikatwi. Maji yana kona, yanakatwa. Mpunga una kona, unakatwa. Inabaki pembetatu ndogo ambayo si mali ya yeyote, na mahali pengine viraka vinalaliana.

Kwa nukta za mita 10 kila pengo la namna hii ni mita za mraba chache, na kama unahitaji eneo la mikoko tu, puuza. Lakini ukitaka jumla ya aina zote ilingane na eneo lote, au ukitaka kulinganisha ramani za miaka miwili kwa kuzipandanisha, mapengo hayo yatageuka kuwa maelfu ya vipande vya "mabadiliko" ambayo hayakutokea. Hapo hamia GRASS, inayohifadhi mpaka kama mstari mmoja unaomilikiwa na majirani wawili:

```
r.in.gdal input=aina_chekechwa.tif output=chekechwa
g.region raster=chekechwa
r.to.vect input=chekechwa output=viraka type=area column=aina
v.generalize input=viraka output=laini method=chaiken threshold=1
```

Jina `chaiken` limeandikwa hivyo kwenye programu, usilisahihishe. `v.generalize` haigusi nukta ambako mistari mitatu inakutana, kwa hiyo makutano yanabaki na pembe kali kidogo, lakini hakuna pengo wala mlaliano. Mwisho wa kazi inataja idadi ya mipaka iliyoachwa bila kubadilishwa kwa sababu ingeharibu mpangilio wa majirani. Namba hiyo ikiwa kubwa, ongeza kizingiti cha kuchekecha, kwa maana una viraka vyembamba mno. Fomula yangu ya 15.625 haitumiki hapa. Linganisha jumla ya kila aina na hesabu ya pikseli peke yake.

Hatua ya 7: Kokotoa eneo, na useme ni eneo gani

QGIS ina vipimo viwili vinavyofanana kwa jina. `area($geometry)` hupima kwenye karatasi bapa ya projeksheni. `$area` hupima kwenye duaradufu ya dunia kama ilivyowekwa kwenye mipangilio ya mradi. Katikati ya kanda ya UTM, karatasi imepunguzwa makusudi kwa kipimo cha 0.9996, na eneo kwa hiyo linapungua kwa karibu asilimia 0.08. Delta ya Rufiji iko karibu na longitudo 39, ambayo ndiyo mstari wa katikati wa kanda ya 37. Kwa kila hekta 10,000, `area($geometry)` inakupa pungufu ya kama hekta 8. Ni mara nane ya hasara ya kulainisha katika mfano wetu wa viraka 840!

Kwa ukaguzi wa hatua za 3 hadi 5 tumia `area($geometry)`, kwa sababu unalinganisha na pikseli zilizo kwenye karatasi hiyohiyo. Kwa namba ya mwisho inayokwenda kwenye ripoti tumia `$area / 10000`, baada ya kuhakikisha duaradufu ni WGS 84 na kipimo cha eneo ni mita za mraba. Usichanganye vipimo hivyo viwili ndani ya jedwali moja.

Mzingo ni habari nyingine. Kwenye ukingo wa mshazari wa nyuzi 45, ngazi huurefusha mzingo kwa asilimia 41, na kupunguza ukubwa wa pikseli hakuondoi kosa hilo. Anayekokotoa urefu wa ukingo wa mikoko au uwiano wa mzingo kwa eneo hana budi kutumia tabaka lililolainishwa.

Katika maelezo ya tabaka la mwisho andika kizingiti cha kuchekecha, umbali wa nukta, idadi ya marudio, na kipimo cha eneo ulichotumia. Weka pia hekta za pikseli kando ya hekta za poligoni kwa kila aina, ili atakayerudia kazi hii kwa picha za mwaka mwingine aweze kutumia mipangilio ileile na kulinganisha namba za namna moja.